Naombeni mnikosoe: sehemu ya kiufundi ya zabuni ya barabara ya changarawe kilomita 6, Bahi

Mkandarasi_Mdogo_Dom

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mkandarasi wa daraja la sita, kazi za ujenzi wa barabara, nipo hapa Dodoma mjini. Mwaka jana niliomba zabuni moja ya halmashauri, bei yangu ilikuwa ya chini kuliko wote waliofika hatua ya mwisho, lakini nikaambiwa mpango kazi wangu hauendani na maelezo yangu ya njia ya ujenzi. Sikulalamika, kwa sababu kusema kweli sikuelewa hata hoja yenyewe ilikuwa nini.

Sasa kuna nyingine inafungwa kwenye NeST baada ya siku tisa. Ni barabara ya kijiji wilaya ya Bahi, kilomita 6, upana mita 6, tabaka la changarawe la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, mistari minne ya kalavati za bomba na mifereji. Muda wa kazi ni siku 120 na inatarajiwa kuanza tarehe 1 Septemba. Sitaki kurudia kosa lile, kwa hiyo naweka hapa vipande vitatu nilivyoandika.

Njia ya ujenzi, sehemu ya changarawe: "Changarawe bora itachimbwa katika machimbo yaliyoidhinishwa, itasafirishwa kwa matipa, itasambazwa kwa greda, itamwagiwa maji ya kutosha na kushindiliwa kwa rola hadi kufikia kiwango kinachotakiwa na mhandisi."

Mpango kazi: kuhamia saiti na upimaji siku 14. Kusafisha njia, mifereji na kalavati kuanzia 15 Septemba hadi 19 Oktoba. Changarawe kuanzia 20 Oktoba, siku 25 za kazi, kwa hiyo nafika katikati ya Novemba. Baada ya hapo alama za barabarani na makabidhiano.

Wafanyakazi: mhandisi mmoja aliyesajiliwa ERB, fomani mmoja, mseveya mmoja, fundi sanifu wa maabara mmoja (mwezi wa kwanza), madereva watatu, mwendesha greda, mwendesha rola, vibarua 20 kutoka vijijini.

Mitambo: tipa 4 za mita 10 za ujazo, greda 1, rola 1, kijiko 1, boza 1 la lita 10,000.

Karibuni, msinionee haya.

---

Chuma_cha_Saiti

Mkuu usijipe presha. Nimeomba zabuni miaka nane sasa na maelezo ya njia ya ujenzi ni yale yale, nabadilisha jina la barabara tu. Kamati haina muda wa kusoma kurasa 40. Wanaangalia leseni, dhamana ya zabuni, mauzo yako ya mwaka, kisha wanakwenda kwenye bei. Ukiwa chini umepata.

---

Mjumbe_Mstaafu

Chuma, umesema nusu ya kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo imemwangusha ndugu yetu.

Nimekaa kwenye kamati za tathmini zaidi ya mara kumi kabla ya kustaafu. Ni kweli kwamba zabuni nyingi za ujenzi wa kiwango hiki hazipewi alama kwa sehemu ya kiufundi. Hakuna kusema huyu kapata 72 na yule 65. Kinachoulizwa ni kama maelezo yanatosha kuonyesha kwamba mzabuni ataweza kufanya kazi hii na kuimaliza ndani ya muda, na jibu ni ndiyo au hapana. Kwa hiyo uandishi mzuri haukupandishi juu ya wenzako. Lakini ukijibiwa hapana, bei yako haifunguliwi hata mjadala.

Na sisi hatukuwa tunasoma kurasa 40. Tulikuwa tunatoa kurasa tatu na kuziweka mezani kwa pamoja: njia ya ujenzi, chati ya mpango kazi, na jedwali la wafanyakazi na mitambo. Kisha tunachagua shughuli moja, ile nzito kuliko zote, na kuifuata katika kurasa zote tatu. Kwa barabara ya changarawe shughuli hiyo ni changarawe yenyewe. Nikifuata ya kwako, Mkandarasi, nakwama mara mbili kabla hata ya kuchukua kalamu. Una tipa 4, boza 1, na madereva watatu. Nani anaendesha nyingine mbili? Pili, fundi sanifu wa maabara yupo mwezi wa kwanza, yaani Septemba, wakati ushindiliaji unaanza 20 Oktoba. Atapima nini Septemba?

---

Mkandarasi_Mdogo_Dom

Mzee nimeshika kichwa. Huyo wa maabara nilimweka mwezi wa kwanza kwa ajili ya kupima sampuli za machimbo, nikasahau kabisa kwamba kuna kupima ugumu baada ya kushindilia. Madereva nilinakili jedwali la zabuni iliyopita ambayo ilikuwa na tipa mbili.

---

dereva_wa_rola

Samahani wakuu, mimi nina uzoefu wa rola miaka sita na leseni ninayo. Hizo nafasi za Bahi zinatangazwa wapi?

---

Mkandarasi_Mdogo_Dom

Ndugu, bado ni zabuni, kazi sijapata. Nikipata nitakutafuta, nitumie ujumbe wa pembeni na uambatishe nakala ya leseni. Kwa kweli hata sasa ningehitaji.

---

Kinyasungwe

Kijana, salamu. Nimefanya kazi za changarawe kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Mjumbe amekuonyesha makosa yanayoonekana kwa macho. Mimi nataka nikuonyeshe lile ambalo halionekani, maana ndilo litakalokumaliza hata kama kamati italipitisha.

Umeandika "maji ya kutosha". Naomba ukae na hayo maneno mawili. Kwa Bahi mwezi wa kumi, maji ya kutosha ni kiasi gani, yanatoka wapi, na yanafika barabarani kwa mwendo gani?

Kwanza nikubali siku zako 25, kwa sababu kwa upande wa matipa umepiga hesabu vizuri, hata kama hukuionyesha. Kilomita 6 mara mita 6 mara sentimita 15 ni mita za ujazo 5,400 zilizoshindiliwa. Ikiwa bado imelegea kwenye tipa inakua kama asilimia 30 zaidi, kwa hiyo unabeba karibu 7,000. Machimbo yakiwa kilomita 12, tipa inakwenda ikiwa na mzigo nusu saa, inarudi dakika 20, kupakia na kumwaga robo saa. Ni safari 7 kwa siku ya saa nane. Tipa 4 zinaleta mita 280 kwa siku, na siku 25 zinatosha. Hapo sina ugomvi. Andika hesabu hiyo ndani ya njia ya ujenzi, iwe mistari mitano tu, na mtu wa kamati ataona siku 25 zimetoka wapi.

Sasa maji. Changarawe ile ikishashindiliwa ina uzito wa karibu tani 1.9 kwa mita ya ujazo, yaani zaidi kidogo ya tani 10,000 kwa barabara nzima. Ili ishikane vizuri inahitaji unyevu wa kama asilimia 9, utajua kamili ukishapima sampuli. Ikitoka machimbo kiangazi ina asilimia 3. Unaongeza 6, na kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa tisa na wa kumi weka nyingine 2 zitakazopotea hewani kabla rola haijapita. Fanya asilimia 8.

```
5,400 x 1.9        = tani 10,260
10,260 x 0.08      = tani 821 za maji, yaani lita 821,000
821,000 / 10,000   = safari 82 za boza
```

Safari 82 katika siku 25 ni zaidi kidogo ya 3 kwa siku. Ukiishia hapo utasema boza moja linatosha. Lakini boza linajaza wapi? Tuseme kisima cha kijiji kilicho kilomita 15 kutoka katikati ya kazi, na kinatoa lita moja na nusu kwa sekunde, ambacho kwa kule ni kisima kizuri. Kujaza lita 10,000 ni dakika 111. Safari ya kwenda na kurudi ni saa moja na robo, kumwaga dakika 20. Jumla ni karibu saa tatu na nusu. Siku ya saa nane inakupa safari mbili, basi.

Safari 82 kwa mbili mbili ni siku 41 za kazi. Ukianza 20 Oktoba unamaliza wiki ya kwanza ya Desemba, na wewe unajua kinachotokea huku Desemba. Changarawe uliyosambaza bila kuishindilia ikipigwa na mvua ya kwanza, unaichimbua na greda na kuanza upya, kama haijageuka tope.

Kwa hiyo mpango kazi wako si wa siku 25. Kwa mitambo uliyoorodhesha wewe mwenyewe, ni wa siku 41. Huku kwetu tabaka la changarawe halishikiliwi na tipa, linashikiliwa na boza. Nadhani hata zabuni ile ya mwaka jana ulikwama kwa jambo la namna hii.

---

Mkandarasi_Mdogo_Dom

Mzee Kinyasungwe, shikamoo na asante sana. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo niongeze boza la pili? Kukodi boza Dodoma si bei ndogo, na bei yangu itapanda.

---

Kinyasungwe

Marahaba. Usikimbilie boza la pili. Angalia muda unapotelea wapi. Karibu saa mbili za kila safari boza limesimama kisimani linasubiri bomba. Ukileta la pili yatasimama yote mawili kwenye foleni.

Kodi simtanki nne za lita 10,000, zipange karibu na kisima, zijaze usiku. Lita moja na nusu kwa sekunde kwa saa kumi ni lita 54,000, na simtanki zako ni 40,000, zinajaa kabla ya alfajiri. Asubuhi boza linajaza kwa pampu ya mafuta ya inchi tatu kwa robo saa. Safari nzima inashuka hadi kama saa moja na dakika 50, na unapata safari nne kwa siku. Safari 82 zinaisha kwa siku 21. Umerudi ndani ya siku zako 25 na una akiba kidogo.

Hiyo ndiyo njia ya ujenzi. Andika simtanki kwenye orodha ya vifaa, andika mlinzi wa usiku na mwendesha pampu kwenye orodha ya wafanyakazi, na siku mbili za kuzijenga kwenye mpango kazi. Mtu akifuata maji katika kurasa zako tatu atayakuta kote.

---

Mwl_Mpwapwa

Wakuu naomba kuuliza. Sisi shuleni kwetu tunajenga madarasa mawili kwa fosi akaunti, mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi. Tunatakiwa na sisi kuandika haya maelezo ya njia ya ujenzi? Fundi wetu anasema si lazima.

---

Mjumbe_Mstaafu

Mwalimu, hiyo ni njia nyingine ya manunuzi. Hakuna mzabuni mkuu anayeshindanishwa, kwa hiyo hakuna sehemu ya kiufundi ya zabuni kama hii. Fuata maelekezo ya injinia wa halmashauri. Ila kama mnaweza, andikeni karatasi moja tu ya maji na saruji: zege la msingi linamwagwa siku gani na maji ya kulimwagilia siku saba zinazofuata yanatoka wapi. Nimeona misingi mingi ikipasuka kwa sababu siku ya tatu mapipa yalikuwa makavu.

---

Maabara_Kwanza

Naomba niingilie, mimi ni fundi sanifu wa maabara ya barabara, nimeshinda kwenye mashimo ya mchanga miaka kumi na mbili.

Mzee Kinyasungwe hesabu yake ni sahihi kwa changarawe, lakini ameacha udongo wa chini. Kabla ya kuweka changarawe unachimbua ule udongo wa asili sentimita 15, unamwagia maji, unausawazisha na kuushindilia. Usipofanya hivyo, changarawe yako unaiweka juu ya vumbi. Eneo ni lile lile, kina kile kile, mita za ujazo 5,400 nyingine. Uzito tuseme tani 1.8, maji ya kuongeza asilimia 7. Ni karibu tani 680 za maji, safari 68. Jumla si safari 82, ni 150.

Sasa rudini kwenye boza la safari nne kwa siku. Safari 150 ni siku 38. Hata na simtanki.

Jambo lingine, kuhusu mimi mwenyewe, maana kwenye zabuni nyingi tunawekwa kama pambo. Kazi yangu ni kuchimba kashimo, kupima uzito wa udongo uliotoka na ujazo wa shimo kwa mchanga, na kusema kama umefikia asilimia 95 ya uzito wa maabara au hapana. Nikisema hapana, mara nyingi sababu ni maji: ama yalikuwa machache, ama yalimwagwa saa sita mchana yakapotea. Kipande kinarudiwa, na kinarudiwa kwa maji mengine. Kwa hiyo kwenye jedwali la wafanyakazi mimi natakiwa kuwepo kila siku rola inapozunguka, na kwenye mpango kazi ziwepo siku za kurudia. Mpango usio na siku hata moja ya kurudia umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufeli kipimo, na mtu huyo sijawahi kumwona.

---

Kinyasungwe

Maabara, umenishika, na nakushukuru. Udongo wa chini niliusahau kwa sababu kazi zangu nyingi za nyuma zilikuwa za kurudishia changarawe juu ya barabara iliyokuwepo. Hapa ni barabara mpya. Siku 38 nazikubali.

Ila kuna njia. Udongo wa chini si lazima usubiri 20 Oktoba. Akianza 1 Oktoba kuutengeneza barabara nzima, safari 68 kwa nne nne ni siku 17, anafika 20 Oktoba, kisha changarawe inaendelea kama ilivyopangwa. Boza ni lile lile moja.

---

Maabara_Kwanza

Hapo sikubaliani, mzee wangu. Udongo wa chini ulioshindiliwa 1 Oktoba ukifunikwa na changarawe wiki ya pili ya Novemba, utakuwa umekaa wazi wiki tano au sita kwenye jua, upepo, ng'ombe na bodaboda. Juu unakuwa unga. Mhandisi mshauri akiwa makini atakuambia uchimbue tena, na umepoteza maji yale yote. Mimi ningemwambia aende kwa vipande: kilomita moja na nusu udongo wa chini, kisha changarawe juu yake, kisha kipande kinachofuata.

---

Kinyasungwe

Kwa vipande ni sawa kwa udongo, lakini greda moja itakuwa inahama kazi mbili kila wiki na tipa zitakaa zinasubiri. Nimeona tipa nne zikisimama siku tatu kwa sababu udongo wa chini haujapita kipimo. Gharama ya kusimama huko haimo kwenye bei yake. Ukiulinda udongo kwa kupitisha magari pembeni na kunyunyiza kidogo kabla ya kuweka changarawe, unakaa.

---

Maabara_Kwanza

Kwa udongo mwekundu wa mchanga wa huku mjini unaweza kukaa. Kwa udongo mweusi wa mbuga wa Bahi ukikauka unapasuka nyufa zinazoingia kidole. Inategemea njia inapita wapi.

---

Injinia_Neema

Nilikuwa nasoma kimya, lakini kuna jambo kwenye ukurasa wa wafanyakazi linaniuma.

Mkandarasi, huyo mhandisi wako mmoja aliyesajiliwa, anajua kwamba umemwandika? Nauliza kwa upole kabisa. Miaka mitatu iliyopita nilipigiwa simu na mtu wa taasisi moja akaniuliza kama nitaweza kuwa meneja wa kazi mbili kwa wakati mmoja, moja Kondoa na nyingine nje kabisa ya mkoa. Sikuwa na habari na yoyote. Kampuni niliyoifanyia kazi zamani ilikuwa imebaki na wasifu wangu na nakala ya cheti, ikawa inavitumia. Nililia siku ile, kwa sababu kama jengo lingeanguka jina langu ndilo lingekuwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo, kwanza zungumza naye. Aandike mwenyewe wasifu na kuusaini kwa tarehe ya mwezi huu, na aandike kwamba kuanzia 1 Septemba hadi mwisho wa Desemba yupo huru kwa kazi hii. Pili, angalia nyaraka ya zabuni inataka uzoefu gani. Wakisema miaka mitano ya barabara, uzoefu wake wa majengo usiuhesabu humo, watauona. Tatu, kwenye jedwali usiandike tu "mhandisi 1". Andika wiki atakazokuwepo saiti, na zifanane na chati. Mseveya naye hahitajiki siku 120. Anahitajika kwenye upimaji wa mwanzo, kwenye viwango vya kalavati, na kila kipande kabla ya changarawe. Ukimwandika miezi minne mfululizo, anayesoma anajua hukufikiri, na bei yako inabeba mshahara usio na kazi.

---

Chuma_cha_Saiti

Dada Injinia pole sana, hiyo si haki kabisa. Lakini bado nauliza: haya yote ya maboza na simtanki si mambo ya baada ya kupata kazi? Mkataba ukishasainiwa unapeleka mpango kazi mwingine kwa meneja wa mradi. Huu wa zabuni unasahaulika.

---

Mjumbe_Mstaafu

Ni kweli unapeleka mwingine, na mkataba unakutaka uuhuishe kila muda uliotajwa. Usipoupeleka, sehemu ya malipo inaweza kushikiliwa. Lakini ule wa zabuni hausahauliki. Siku utakapoomba kuongezewa muda kwa sababu ya mvua, watafungua zabuni yako. Ikiwa uliandika kwamba utamaliza changarawe katikati ya Novemba kwa boza moja, na mvua imekukuta Desemba ukiwa kilomita ya nne, watasema mvua za Desemba Dodoma mkandarasi mzoefu anazijua, na uliyechelewa ni wewe. Fidia ya ucheleweshaji inaanza kukatwa. Bei nayo imeshafungwa: simtanki na siku za ziada za greda ambazo hukuzihesabu kabla, utazilipa mfukoni.

Hapo hapo niseme na upande wa kamati, maana si kila mara mzabuni ndiye mkosaji. Kamati hairuhusiwi kukuangusha kwa kigezo ambacho hakimo kwenye nyaraka ya zabuni. Kama nyaraka haikutaja simtanki wala chanzo cha maji, hawawezi kuandika "hakuonyesha simtanki". Wanachoweza ni kuandika kwamba mitambo na mpango havionyeshi kazi itaisha ndani ya siku 120, na waonyeshe kwa nini. Ukiangushwa kwa sentensi isiyo na sababu, una haki ya kulalamika kwa ofisa masuuli ndani ya muda uliotajwa kwenye taarifa, na usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Mwaka jana ungeweza kuuliza tu, hata bila kulalamika.

Kama tofauti ndogo kwenye mpango kazi inatosha kumwangusha mtu au ni ya kuombewa ufafanuzi tu, hapo wajumbe wenyewe tulikuwa tunagombana. Madereva wawili waliosahaulika mimi ningeomba ufafanuzi. Mwenzangu mmoja angekuangusha.

---

Mkandarasi_Mdogo_Dom

Wakuu, nimepotea siku tatu kwa sababu nilikwenda Bahi. Naleta mrejesho.

Nilikwenda kwenye kisima kilicho karibu na barabara, nikiwa na pipa la lita 200 na simu ya kupimia muda. Lilijaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Nikarudia mara tatu, tofauti ilikuwa sekunde chache. Ni lita 1.25 kwa sekunde, si moja na nusu. Nimekaa pia na viongozi wa jumuiya ya watumia maji. Wamekuwa wazi sana kwangu: mchana maji ni ya watu na mifugo. Wananiachia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri, na nilipie kwa mita. Saa tisa hizo zinanipa lita 40,500. Ni simtanki nne na safari nne. Haizidi hata kidogo.

Kwa hiyo boza la pili lisingenisaidia chochote, maji yenyewe hayapo. Nimeamua hivi. Kalavati naziharakisha kwa kuweka vikundi viwili vya mafundi, ziishe 30 Septemba. Nimeongea na mafundi wawili wa Kigwe, wanaweza. Udongo wa chini na changarawe vinaanza 1 Oktoba kwa vipande vya kilomita moja na nusu, kama alivyosema Maabara, kwa sababu nimetembea njia yote na karibu kilomita mbili za katikati ni udongo mweusi. Safari 150 kwa nne nne ni siku 38, naishia katikati ya Novemba, na nimeweka siku sita za kurudia vipande vilivyofeli. Kumwagilia na kushindilia kutakuwa saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Tipa nimepunguza kutoka nne hadi tatu, maana changarawe haiwezi kwenda haraka kuliko maji. Hapo nimeokoa kiasi ambacho kinalipa simtanki na siku za ziada za greda, ingawa si zote.

Madereva sasa ni wanne, na mwendesha pampu na mlinzi wamo. Fundi sanifu wa maabara yupo wiki mbili za Septemba kwa sampuli za machimbo, kisha Oktoba na Novemba yote. Mhandisi wangu amesaini wasifu wake jana mbele yangu. Kumbe alikuwa ameahidi nusu ya Oktoba kwa kampuni nyingine, tumeongea na amechagua kazi moja.

---

Kinyasungwe

Umefanya kazi ya mtu mzima. Tipa tatu zinaleta mita 210 kwa siku. Mita 7,000 kwa 210 ni siku 34, na siku za changarawe peke yake kwa maji yako ni 21. Umeona? Sasa tipa ndizo zitakazokushika, isipokuwa uwe unalundika changarawe pembeni ya njia siku zile ambazo greda iko kwenye udongo wa chini. Kwa kulundika, 34 zinaingia ndani ya 38. Andika hilo neno kwenye njia ya ujenzi, na uonyeshe kwenye chati kwamba tipa zinaanza 1 Oktoba na si siku ya kwanza ya changarawe. Bila mstari huo utaulizwa swali lile lile la mwaka jana.

---

Maabara_Kwanza

Na changarawe iliyolundikwa wiki nzima itakuwa imekauka kuliko ile iliyotoka machimboni. Ile asilimia 3 ya mzee inaweza kuwa 1. Maji yako ni safari nne tu kwa siku, huna pa kuongezea. Hizo siku sita za kurudia nadhani utazihitaji zote. Na maji ya kisima hicho uyaonje kabla ya kuyatumia kwenye zege la vichwa vya kalavati, visima vingine vya ukanda ule vina chumvi. Kwa kushindilia si neno, kwa zege peleka sampuli maabara.

---

Mkandarasi_Mdogo_Dom

Niliyanywa, yana chumvi kidogo. Kesho napeleka chupa maabara. Na nimemuuliza mwenyekiti wa jumuiya kama anaweza kuniandikia barua yenye saa na lita walizoniachia niiambatishe. Anasema lazima kamati ikae, na wanakaa Alhamisi. Zabuni inafungwa Jumatatu.

---

Injinia_Neema

Nenda Alhamisi ukae hapo hapo mpaka igongwe muhuri.